Mguu wa Bi Mwanaisha na Sifa Niliyoitupa

Wanangu wa karakana,

Jumapili iliyopita Neema aliweka picha kwenye grupu letu. Mguu mpya wa chini ya goti, umesimama juu ya meza, kikombe chake, pale mguu uliokatwa unapoingia, bado kinang'aa kwa kupigwa msasa. Niliikuza ile picha kwa vidole viwili, nikautazama ukingo wa nyuma, pale kano za goti zinapopita mtu akikaa. Upande wa ndani umeshushwa kidogo kuliko wa nje, sawasawa kabisa. Wengi wenu mnaukata ukingo ule ukawa kama mdomo wa ndoo, mgonjwa akikaa unamchoma. Nikaandika, "Neema, huo ukingo wa nyuma umeukata vizuri mno. Nimeupenda."

Dakika haijapita akajibu, "Aaa mama, bahati tu hiyo, wala sijui nilifanyaje," na kale kanyani ka kwenye simu kanakoziba macho.

Nilikuwa nataka kumuuliza mengi. Mguu ni wa nani, kigutu kina umbo gani, nani alimfundisha kukata hivyo. Lakini mtu aliyekwambia hajui alifanyaje utamuuliza nini tena? Nikaweka simu mezani, nikaenda kulisha kuku.

Simlaumu Neema. Nimeamua kuandika haya kwa sababu mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka, na siku moja tabia hiyo ilimchubua mtu ngozi na kumnyang'anya mlima wake. Mliniomba niandike juu ya kupiga plasta ya kuchukua umbo la kigutu. Plasta mtaijua kwa mikono, kwenye karatasi haifundishiki. Hili la kujibu sifa mtu hafundishwi chuoni, na katika kazi yetu nimeliona likiharibu miguu mingi kuliko plasta mbovu.

Kwa wale ambao hamkunikuta: mimi ni Agripina. Nimetengeneza miguu ya bandia hapa Morogoro karibu miaka thelathini, mpaka nilipostaafu. Kihonda ninapoishi watoto wa mtaani wananiita Mama Miguu, na magoti yangu mwenyewe siku hizi yanalia kama mlango.

Katika miaka yote hiyo, kuna jambo moja sikulizoea. Ni ile dakika mtu anaposimama mara ya kwanza kati ya vile vyuma viwili vya kushikia. Mnafikiri atautazama mguu. Hautazami. Anainua uso na kutazama dirishani. Mtu aliyekaa kitini au kitandani kwa miezi ameiona dunia kutoka usawa wa mikanda ya watu. Sasa ghafla amerudishiwa kimo chake, na dirisha la karakana yetu linatazama mlimani. Nimewaona wanaume wazima wakisahau kupumua. Mimi huwa nasimama nyuma yao, mikono tayari kuwadaka, na nywele zinanisimama. Mbao, plastiki, mpira kidogo, na mtu anarudi juu. Sijui nani anaweza kuzoea jambo kama hilo.

Ndiyo maana mtu akishaketi, anasema neno. Lazima aseme. Na sisi, kwa ujinga wetu, tunalirudisha neno hilo kama mtoto anayetema dawa.

Mimi nilizaliwa na mama aliyekuja hapa kutoka Singida kumfuata baba kiwandani. Nyumbani kwetu sifa ilikuwa kitu cha kupanguswa. "Gauni zuri, mama Pina." "La mtumba hili, limeshatoboka." "Mboga tamu." "Chumvi imezidi." Tulifunzwa kwamba anayekubali sifa anajisikia, na tena anajitafutia kijicho. Sidharau malezi hayo, yalitufanya tusiwe watu wa majivuno. Lakini hakuna aliyetuambia mwenye kusifu anabaki na nini mkononi baada ya sifa yake kupanguswa.

Bi Mwanaisha ndiye aliyenionyesha.

Alikuwa mkulima wa Kinole, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini na ile lafudhi ya milimani inayopanda na kushuka kama njia zao. Mwaka wa mvua kubwa jiwe liliporomoka shambani kwake akiwa anachuma pilipili manga, likamkuta. Hospitali walimkata chini ya goti. Kigutu kilipopona akaletwa kwetu.

Nilimpiga plasta, nikamtengenezea mguu, akajifunza kutembea haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Siku ya kumkabidhi alitembea uani, akapanda ngazi tatu za mlango wetu, akashuka. Akaja mpaka kwenye sinki nilipokuwa naosha bakuli la plasta.

"Mwanangu," alisema, "una mkono wa ajabu. Mguu huu nimeupenda kama wa kwangu mwenyewe."

Akavuta pumzi. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Niliuona, Mungu ananiona, niliuona ule mdomo, lakini masikio yalikuwa yamepata moto kwa aibu.

"Aa, mama, wa kawaida tu huo," nikamwambia, macho kwenye bakuli. "Wala haujatoka vizuri, nilikuwa na haraka. Mshukuru Mungu tu."

Akafumba mdomo.

"Haya, mwanangu," akasema. Akaenda zake.

Mkuu wangu wa kazi, Fundi Damasi, alikuwa kwenye meza yake akipiga tupa ukingo wa plastiki. Alikuwa Mluguru wa Matombo, mtu wa maneno machache, vidole vyake vimejaa makovu ya oveni. Alisimamisha tupa.

"Agripina, yule mama alikuwa na neno."

"Ameshasema, Mzee. Ameshukuru."

Akaendelea na tupa yake.

Bi Mwanaisha alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili. Hakurudi. Mwezi ukapita, miezi ikapita. Namba ya simu aliyotuachia ilikuwa ya mpwa wake, na mpwa alishahamia Dar. Mimi nilijipa jibu zuri: yuko salama, anatembea, hana haja na sisi.

Masika yalipokwisha tulipata gari la kuwatembelea wagonjwa wa milimani. Mnaijua ile barabara ya Kinole. Kona juu ya kona, na harufu ya mdalasini inakufikia kabla hujaiona nyumba. Gari likafika mwisho wake, tukashuka, tukapanda kwa miguu kwenye kijia chembamba katikati ya migomba, pilipili manga zimepanda kwenye miti kama nyoka wa kijani. Damasi alikuwa mbele. Mimi nyuma nateleza kwenye udongo mwekundu, nikijiuliza watu hawa wanapita hapa na mizigo kichwani kila siku, wanapitaje.

Tulimkuta barazani, amekaa kwenye kigoda, anakwangua magome ya mdalasini. Magongo mawili yameegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni sana." Alifurahi kutuona. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kwamba alifurahi kweli.

Mguu niliuona ndani, mlango ulipofunguliwa. Ulikuwa juu ya kabati la vyombo, umefungwa kwenye khanga safi, kama birika la wageni.

Damasi aliomba kukiona kigutu. Mbele kabisa, pale mfupa wa muundi unapoishia, kulikuwa na kovu jeusi la ukubwa wa sarafu, ngozi yake imekonda kama karatasi ya sigara. Aliuvaa mguu ule wiki tatu tu. Kwenye tambarare haukuwa na neno. Lakini shamba lake liko juu na nyumba iko chini, na kila alipoteremka, mwili ulisukumwa mbele na ncha ya mfupa ikagonga ukuta wa kikombe. Pakachubuka, pakawa kidonda, akauvua.

"Mbona hukurudi, mama?" Damasi alimuuliza taratibu.

Bi Mwanaisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira.

"Ningerudi kusema nini, baba? Fundi mwenyewe aliniambia haujatoka vizuri. Nikajua basi, ndivyo ulivyo. Nikasema mlima si wangu tena."

Nililitazama lile kovu.

"Na siku ile," akaendelea, akichukua tena gome lake, "pale kwenye zile ngazi zenu, nikishuka, palinichoma mbele hapa. Kidogo tu. Nikawaza, nikianza na kulalamika nitaonekana sina adabu, mtu amehangaika na mimi hivi. Ngoja kwanza nimshukuru, halafu nimwambie. Sasa alivyosema wa kawaida, alikuwa na haraka, nikaona moyo wake umeshavunjika. Nikisema na hili, nitamuumiza zaidi."

Wanangu, nilisimama pale barazani kwa miguu yangu miwili mizima. Yule mama alibeba maumivu yake akapanda nayo mpaka huku juu, ili asiniumize mimi. Na mimi nilidhani nimefanya unyenyekevu.

Damasi hakunikaripia. Alinipeleka kwenye kijia, akaniambia niteremke hatua kumi na nisimame katikati ya mteremko.

"Vidole vyako vya miguu viko wapi?"

"Vimegonga mbele ya kiatu."

"Basi."

Tuliporudi garini ndipo akazungumza, na kwa Damasi yalikuwa maneno mengi. "Mgonjwa wa huku haanzi na shida, Agripina. Anaanza na asante. Shida inakuja nyuma yake, imejificha. Ukimkatiza kwenye asante, umeifungia shida njiani. Na ukimwambia kitu alichokisifu ni kibovu, umemwambia macho yake hayaoni. Nani ataongeza neno baada ya hapo?"

Mafunzo yangu yalianza kesho yake, saa nne, wakati wa chai. Chai ya karakana nilikuwa naipika mimi.

"Chai yako leo tangawizi imekolea," alisema Damasi.

"Aa, maji yamezidi."

Akaweka kikombe chini, akaenda kunywa maji bombani. Nilidhani ana kiungulia. Siku ya pili, "Chai nzuri." "Majani yenyewe ya mwisho wa pakiti, Mzee." Akaweka kikombe, akaenda bombani. Siku ya tatu vilevile. Nikagundua ananinyima raha ya kuona chai yangu ikinywewa, na kweli iliniuma.

Siku ya nne alisifu, nikajikaza. "Asante."

Tukatazamana.

"Asante, halafu?" akauliza.

"Halafu nini tena?"

"Umefunga mlango kwa adabu. Lakini umeufunga."

Usiku huo sikulala vizuri kwa ajili ya chai, mtacheka. Siku ya tano akanywa funda, akasema, "Hii tangawizi leo." Nikaacha kijiko. Nikamtazama usoni. "Asante, Mzee, nimefurahi umeisikia. Leo nimeiponda badala ya kuikwangua. Kwenu Matombo mnaiwekaje?"

Damasi akashika kikombe kwa mikono miwili. Akaanza kusimulia. Kwao hawakuponda wala kukwangua, mama yake aliichoma kwanza kwenye majivu ya moto. Alijua imeiva kwa kuigusa, maana alikuwa haoni. Alipofuka kabla Damasi hajazaliwa. Alichambua maharage kwa vidole, alishona mikeka kwa vidole, na alimjua kila mtoto wake kwa kumpapasa kichwa. Alimfundisha Damasi kuchambua mbegu akiwa amefumba macho.

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu yule miaka kumi na moja. Kila siku nilimwona akishika kigutu cha mgonjwa huku macho yamefumbwa, vidole vinatembea juu ya mfupa polepole, na nilidhani ni uchovu. Kumbe mwanamke kipofu wa Matombo alikuwa ndani ya kila mguu uliotoka kwenye karakana yetu. Swali moja dogo juu ya tangawizi ndilo lililomleta. Chai ilipoa, sikuinywa. Nilikuwa naiangalia mikono yake.

Kwa hiyo niwaambie ninavyofanya tangu siku ile. Mtu akinisifu, kwanza mikono inasimama. Huwezi kupokea kitu huku unasugua bakuli. Namtazama. Nasema asante, na nasema ninafurahi, kwa sababu ni kweli ninafurahi na hakuna aibu ndani yake. Kisha namwachia kitu kimoja kidogo cha kweli juu ya ile kazi: hapa niliacha nafasi, hapa nilirudia mara mbili. Kiwe kidogo. Halafu namuuliza swali ambalo jibu lake analo yeye tu. Simuulizi, "Hauumi?" kwa sababu atasema hauumi, adabu yake ndiyo itakayojibu. Namuuliza, "Unausikia wapi zaidi?" Hapo lazima aingie mwilini mwake akatafute.

Kama kazi niliifanya na mwenzangu, sifa naipokea kwanza, ndipo namtaja. "Asante sana. Na plasta aliipiga Joseph, mkono wake mtulivu." Ukianza na "si mimi, ni Joseph," umemrushia mwenzako mzigo na umemwacha mgonjwa hajui amshukuru nani. Na akisema mashaallah, nami namshukuru Mungu, kwa moyo wote. Lakini sijifichi nyuma ya Mungu ili nisitazamwe.

Msidhani niliweza mara moja. Kulikuwa na mhadhiri mmoja, mgonjwa wangu, akaniambia mbele ya watu, "Fundi, hatua zangu siku hizi wanafunzi hawajui kama nina mguu wa bandia." Nikababaika, nikairudisha sifa mbio kama sufuria ya moto: "Hata wewe, shati lako zuri." Akalitazama shati lake. Lilikuwa na bonge la plasta kifuani, nililompaka mimi. Tulicheka, lakini mazungumzo yalikufa pale pale, na alichotaka kunieleza juu ya hatua zake sikukijua.

Nikaja kuanguka upande wa pili pia. Nilipozoea kupokea, nilinogewa. Mzee mmoja wa Kingolwira, mstaafu wa reli, mpole sana, alisema mguu wake ni mzuri kuliko ule wa kwanza aliopata kwingine. Asante nilisema vizuri kabisa. Halafu nikaanza. Nikamweleza plasta, nikamweleza oveni, nikamweleza jinsi bamba la plastiki linavyotakiwa kulegea kama utando wa maziwa kabla ya kulivuta, nikamweleza na wanafunzi wangu walivyo wazito. Mzee anatikisa kichwa tu. Nilipomeza mate akapata nafasi.

"Fundi, samahani. Tangu ulipoanza nilitaka kukuuliza choo kiko wapi."

Sasa turudi kwa Bi Mwanaisha.

Alishuka mjini, kama alivyomuahidi Damasi siku ile tulipomtembelea. Nilimpiga plasta upya, na safari hii nilifumba macho. Kigutu huwa kinanywea kadiri siku inavyokwenda, mtu anazama ndani ya kikombe bila kujua, ndiyo ncha ya mfupa inafika chini na mbele. Kwa hiyo nilimwachia nafasi mbele ya muundi, uzito nikauhamishia chini ya pia ya goti na kwenye pande mbili za kigutu, na nikampa soksi za ziada: asubuhi moja, mchana akijisikia amezama aongeze ya pili. Tulimfungia unyayo wa mpira, na kumjaribisha hatukwenda uani. Tulikwenda nyuma ya jengo la kufulia, penye mteremko.

Alishuka. Akapanda. Akashuka tena bila kushika kitu. Mimi nilikuwa chini nikimtazama akija, uzito wa mwili wote ukishuka juu ya kitu nilichokipasha moto juzi kwenye oveni, nao hautetereki, na nikaogopa, ile hofu ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Akasimama mbele yangu, anahema.

"Fundi," alisema. "Huu umeusikiliza mwili wangu."

Ulimi wangu ulishaanza kuinama kwenda kule ulikozoea. Nikauzuia. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaiweka mfukoni. Nikamtazama, macho kwa macho, na nikaiacha ile sifa initue. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Kupokea ni kazi, wanangu, kifua kinajaa.

"Asante, mama," nikamwambia. "Neno hilo limenifurahisha sana. Hapa mbele niliacha nafasi, na nilikuwa na wasiwasi kama itatosha. Unausikia wapi zaidi, ukishuka?"

Alifumba macho. Akahamisha uzito huku, akahamisha kule.

"Chini ya goti. Si maumivu. Kama mtu amenishika mkono." Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, na safari hii nilisubiri. Nilisikia ndege, nilisikia mashine ya kufulia. "Ila..."

Sijapata kusikia neno zuri kama lile.

"Ila hapa nje, juu, nikigeuka pananifinya."

Tuliuvua mguu hapo hapo. Juu kwa nje, kwenye kichwa cha ule mfupa mdogo wa pembeni, palikuwa na alama nyekundu. Alama inayofifia baada ya dakika kumi haina neno. Tulisubiri dakika kumi, tukasubiri na kumi nyingine. Bado nyekundu. Kama angepanda nayo Kinole, baada ya wiki mbili pangekuwa kidonda kingine, na kwa ngozi ile nyembamba, sijui. Nikaenda ndani, nikapasha moto sehemu ile, nikaisukuma nje kwa ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Akavaa. Akageuka kulia, kushoto, kulia.

"Hapo," akasema.

"Utaenda nao wapi kwanza, mama?"

"Juu," alinijibu bila kufikiri. "Msitu unapoanzia. Kuna mahali. Uje nikuonyeshe."

Nilikwenda, kiangazi kilipokolea, nikiwa likizo. Tuliondoka nyumbani kwake asubuhi, ukungu bado umelala kwenye migomba. Yeye mbele, fimbo moja mkononi, mimi nyuma. Nusu saa ya kwanza nilikuwa fundi, nikitazama kisigino kinavyokanyaga, goti linavyokunja. Baada ya hapo nikawa mtu anayetafuta pumzi. Kijia kilisimama wima mbele yangu kama ngazi ya darini. Mikarafuu ikaisha, mashamba yakaisha, hewa ikawa baridi na yenye harufu ya majani mabichi yaliyooza. Nikashika shina la mgomba pori, nikainama.

Nilipoinua kichwa, Bi Mwanaisha alikuwa anashuka kunifuata. Anashuka, wanangu, mteremko ule, kwa hatua fupi, anapiga na hadithi njiani. Akasimama juu yangu kidogo.

"Unapanda vizuri, fundi."

Jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu. Nilitaka kumwambia asinicheke. Lakini niliona usoni kwake hanicheki, alikuwa anamaanisha, kwa mtu wa mjini. "Asante, mama," nikasema kwa vipande. "Nakanyaga unapokanyaga wewe. Bado mbali?"

"Pale."

Pale palikuwa bega la mlima, jiwe pana bapa, na nyuma yake msitu umeanza ghafla kama ukuta, mweusi, unadondosha maji. Mbele hakukuwa na kitu. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalikuwa yanajitenga polepole, na katikati ya nyufa zake tukaiona nchi tambarare ya mashariki, kijani na kahawia, inaenda, inaenda, mpaka macho yakashindwa. Miaka yote ile niliutazama mlima huu kutoka dirishani kwa nyuma ya migongo ya watu. Sikuwa nimejua kwamba wao walikuwa wanaona njia ya kurudi huku. Nilikaa chini juu ya lile jiwe.

Bi Mwanaisha alibaki amesimama.

"Nilizaliwa hapa," alisema.

"Hapa juu?"

"Juu ya jiwe hili. Mama yangu alikuwa ametoka ng'ambo ya mlima na mzigo wa ndizi, uchungu ukamkuta njiani. Hakukuwa na mtu. Alipumzika kidogo, akanifunga mgongoni, ndizi zake akazitwika, akateremka." Alinyoosha fimbo kuelekea kule tulikotoka, kwenye ule mteremko ulioninyang'anya pumzi. "Kila mwaka nilikuwa napanda kumkumbuka. Tangu jiwe linivunje sikuwa nimefika. Watoto wangu sikuwaleta, hawajui hata ni wapi."

Upepo ukatoka msituni. Akaugonga mguu wake kwa fimbo, mara moja, taratibu, plastiki ikalia.

"Yeye alishuka kwa miguu yake," akasema. "Na mimi leo nimepanda kwa wa kwako."

Nilimtazama. Sikuwa na haraka.

"Asante, mama," nikamwambia. "Nitaishi na neno hilo." Nikasogea kwenye jiwe, nikamwachia nafasi akae. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"